Mahojiano ya viza Gigiri: Lango moja, na mikono mitupu

WAOMBAJI wa viza wanaoitwa kwa mahojiano katika Ubalozi wa Amerika jijini Nairobi hujiandaa kwa wiki nyingi kujibu maswali ya afisa aliye nyuma ya kioo. Ni wachache wanaojiandaa kwa hatua chache zinazotangulia kioo hicho: njia ya miguu ya United Nations Avenue, foleni ya nje ya ukuta, na chumba cha ukaguzi kilicho langoni. Hata hivyo, ni katika hatua hizo ambapo mtu mwenye karatasi zote anaweza kujikuta akitazama saa ya miadi ikipita akiwa nje, kwa sababu ya simu iliyo mfukoni au mkoba ulio begani.

Hasara ya kukosa miadi si ndogo. Ada ya ombi la viza ya utalii, ya biashara au ya masomo ni dola 185 tangu Juni 17, 2023, na hairejeshwi. Risiti yake humwezesha aliyelipa kupanga miadi ndani ya mwaka mmoja, lakini nafasi mpya huenda isipatikane hadi miezi mingine ipite. Kwa mwanafunzi ambaye chuo kinafungua Agosti, au kwa mzazi anayekwenda kumuuguza mwana, nafasi ya miezi mitatu baadaye ni sawa na kutokuwa na nafasi.

Makala haya yanaeleza kanuni za lango hilo, asili yake, na namna ya kulipita bila kukwama.

Kwa nini lango liko mbali na jengo

Kanuni za Gigiri haziwezi kueleweka bila kurejea asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998. Wakati huo ubalozi ulikuwa katikati ya jiji, kwenye kona ya barabara za Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, na kuta zake zilikaribiana mno na barabara na majengo ya jirani. Lori lililobeba vilipuzi lilifika nyuma ya jengo na kutaka kupita kizuizi cha kuingilia maegesho ya chini. Bawabu aliyekuwa zamuni, ambaye hakuwa na silaha, alikataa kukifungua. Mmoja wa washambuliaji alirusha guruneti, na watu wengi waliokuwa katika majengo ya karibu wakakimbilia madirishani kutazama kilichotokea. Muda mfupi baadaye lori likalipuka.

Watu 213 waliuawa jijini Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo. Jengo la Ufundi lililokuwa kando ya ubalozi liliporomoka. Karibu wakati huohuo lori jingine lililipuka katika ubalozi wa Amerika jijini Dar es Salaam na kuua watu 11. Huko nako lori halikufika ndani ya ua, kwani lori la maji lililokuwa langoni lilikuwa limeziba njia.

Funzo lililopatikana ni la umbali. Katika miji yote miwili gari la washambuliaji lilizuiwa langoni, lakini jijini Nairobi lango lenyewe lilikuwa karibu sana na jengo, na karibu sana na wapita njia. Jopo la uchunguzi lililoongozwa na Admeri William Crowe lilitoa ripoti yake Januari 1999, na mwaka huohuo Bunge la Amerika lilipitisha sheria iliyotaka kila ubalozi mpya ujengwe angalau futi 100, yaani takriban mita 30, kutoka kwenye mpaka wa kiwanja chake. Ubalozi mpya wa Nairobi, uliofunguliwa Gigiri mwaka wa 2003, ulijengwa kwa kufuata kipimo hicho. Mahali ulipokuwa ubalozi wa zamani pamebaki kuwa bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7.

Kutokana na kipimo hicho, ukaguzi haufanywi kwenye mlango wa jengo. Hufanywa ukutani, katika chumba kilicho mpakani, ili kitu chochote cha hatari kigunduliwe kikiwa bado mbali na ofisi. Anayeelewa jambo hili ataelewa kanuni tatu zinazowaudhi waombaji: kwamba kuna lango moja tu la kuingilia, kwamba mizigo hairuhusiwi, na kwamba hakuna mahali pa kuiacha.

Lango mojawapo si lango lolote

Kiwanja cha ubalozi kina malango zaidi ya moja. Kuna yale yanayotumiwa na magari, kuna wanamopita wafanyakazi na wageni rasmi, na kuna lango la watu wanaokwenda kitengo cha konsula, yaani kile kinachotoa viza na kuwahudumia raia wa Amerika. Kwa mwombaji wa viza, ni hili la mwisho pekee lenye maana.

Sababu yake ni ya kikazi. Walinzi wa lango la konsula huwa na orodha ya watu wenye miadi siku hiyo na saa zao. Mlinzi wa lango la magari hana orodha hiyo, na hata akimhurumia mwombaji aliyechelewa, hana namna ya kuthibitisha kwamba ameitwa. Atakachofanya ni kumwelekeza azunguke ukuta, na ukuta huo ni mrefu. Mtu aliyeshushwa na teksi upande usiofaa dakika tano kabla ya saa yake amekwisha kuchelewa.

Ramani za simu huchangia kosa hili. Dereva anayeandika jina la ubalozi hupelekwa penye alama ya jengo, si penye lango la konsula. Aidha, United Nations Avenue si barabara ya kusimama ovyo. Upande mmoja una ubalozi, upande wa pili una makao ya Umoja wa Mataifa, na polisi hawaruhusu magari yaegeshwe kando yake. Ni vyema dereva aelezwe mapema kwamba abiria anakwenda kwenye lango la viza, ashushe na kuondoka mara moja.

Ulinzi wa nje si wa mapambo. Mnamo Oktoba 27, 2016, mwanamume mmoja alimdunga kisu afisa wa polisi aliyekuwa akilinda nje ya ubalozi huo, naye akapigwa risasi na kufa. Kwa hiyo mtu anayerandaranda karibu na ukuta, anayepiga picha, au anayeliacha begi chini na kuondoka kidogo, asishangae akiulizwa anatafuta nini.

Anayetumia matatu ana njia nyepesi. Magari yanayopitia Limuru Road kuelekea Ruaka na Banana humfikisha karibu na makutano ya barabara hiyo na United Nations Avenue, jirani na jumba la maduka la Village Market. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa kama robo saa. Hesabu ya safari lazima izingatie msongamano wa asubuhi, ambao hauna huruma kwa mwenye miadi.

Vitu visivyopita

Orodha ya vitu vilivyokatazwa, kama inavyotolewa kwa waombaji wa viza za Amerika, inaanza na vifaa vyote vya umeme au vya betri: rununu, vipakatalishi, kamera, saa za kidijitali, vifaa vya kuchezea muziki na vya kuhifadhia data. Kwa mantiki hiyohiyo, saa zinazounganishwa na simu, vipokea sauti vya masikioni na betri za akiba za kuchajia simu vitaachwa nyumbani. Simu iliyozimwa bado ni simu. Mlinzi haulizi kama inafanya kazi, kwani kifaa chenye redio na kamera ndani yake kinaweza kurekodi, kupiga picha au kuwasha kitu kingine.

Ufunguo wa gari wenye rimoti nao una betri na huweza kuzua mjadala langoni. Anayekuja na gari lake ni afadhali aje na dereva, ambaye atabaki na ufunguo pamoja na simu.

Kundi la pili ni la mizigo. Mikoba mikubwa ya begani, mabegi ya mgongoni, masanduku, mikoba ya ofisini na vikapu vya kitambaa havikubaliwi. Kinachowashangaza wengi ni kwamba hata jalada la karatasi lenye zipu limo katika orodha hiyo. Mwombaji aliyepanga vyeti vyake kwa unadhifu ndani ya jalada la ngozi lenye zipu anaweza kuambiwa azitoe karatasi zote na kuingia nazo mkononi.

Maelekezo hutaka karatasi zibebwe katika mfuko wa plastiki. Kwa Kenya maneno hayo huleta mkanganyiko, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017. Suluhisho ni jalada la plastiki linaloonyesha kilichomo, lile lisilo na zipu linalouzwa katika maduka ya vifaa vya shule. Linatosheleza pande zote mbili: mlinzi anaona kilichomo bila kulifungua, na karatasi hazilowi mvua ikinyesha foleni ingali nje.

Kundi la tatu ni la bahasha na vifurushi vilivyofungwa. Hili huwagusa zaidi wanafunzi, kwa kuwa vyuo vingi hutoa nakala za matokeo ndani ya bahasha iliyotiwa gundi na muhuri. Bahasha ya namna hiyo haionyeshi kilichomo, na mwombaji atalazimika kuchagua kati ya kuifungua na kuiacha. Aliye na busara huomba nakala mbili chuoni, moja ikiwa wazi kwa ajili ya siku ya mahojiano.

Vilivyosalia ni vile ambavyo mtu angevitarajia: silaha, visu, mikasi, tupa za kucha, viberiti, vyakula na vinywaji. Orodha hiyo haijakamilika kwa makusudi, kwani walinzi wana mamlaka ya kukataa kitu kingine chochote wanachokitilia shaka. Mwenye dawa anazolazimika kunywa kwa saa, au mwenye kifaa cha kumsaidia kusikia au kupumua, anapaswa kuujulisha ubalozi kabla ya siku yenyewe badala ya kuanza kujieleza langoni. Maelekezo ya karibuni kabisa ni yale yanayoambatana na uthibitisho wa miadi, na hayo ndiyo ya kusomwa tena usiku wa kuamkia siku ya mahojiano.

Hakuna pa kuacha mzigo

Swali linaloulizwa zaidi langoni ni hili: kwa nini mlinzi asiishike simu kwa dakika 20 tu? Maelekezo ya ubalozi husema wazi kwamba hakuna mahali pa kuhifadhi vitu vya waombaji na kwamba kila mtu afanye mipango yake kabla ya kufika.

Mantiki yake inarudi kwenye umbali. Chumba kinachopokea mabegi mia moja ya watu wasiojulikana kila asubuhi, kikiwa kimeshikamana na ukuta, kingeirudisha hatari ileile ambayo mita 30 zilikusudiwa kuiepusha. Kadhalika, begi lililoachwa kichakani au kando ya barabara si begi tu machoni pa mlinzi. Ni kitu kisicho na mwenyewe, na kinaweza kusababisha njia kufungwa na foleni nzima kusimamishwa.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa nyumbani. Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha simu kwa mtu wa nyumbani au hotelini. Ya pili ni kuja na mtu atakayesubiri mbali na lango, kwa mfano katika mojawapo ya migahawa ya Village Market, akiwa na simu na mkoba. Ikumbukwe kwamba msindikizaji haruhusiwi kuingia. Wanaoingia ni wenye miadi, isipokuwa mzazi anayefuatana na mtoto, au anayemsaidia mtu mwenye ulemavu au mtu anayehitaji mkalimani. Njia mbaya kuliko zote ni kumkabidhi simu mtu asiyejulikana anayejitolea kuitunza kando ya barabara kwa malipo. Hakuna risiti, na anayetoka saa tatu baadaye hana pa kuuliza.

Kuacha simu kuna gharama ambayo watu huigundua wakiwa njiani. Bila simu hakuna M-Pesa, hakuna teksi ya kuitwa kwa programu, na hakuna nambari ya mtu yeyote kichwani. Uthibitisho wa miadi uliohifadhiwa kwenye barua pepe nao haupatikani. Mwombaji anahitaji pesa taslimu za kwenda na kurudi, nambari mbili tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, na hati zote zikiwa zimechapishwa.

Safari moja kama mfano

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Nakuru ambaye mwanawe anahitimu chuo kikuu huko Amerika. Miadi yake ni Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi. Nakuru iko takriban kilomita 160 kutoka Nairobi. Angeweza kuondoka saa tisa za usiku, lakini ajali moja tu barabarani ingeyafuta matumaini yake. Anaamua kusafiri Jumanne na kulala kwa mdogo wake anayeishi Ruaka, ambako hatahitaji kupitia katikati ya jiji asubuhi.

Jumanne jioni anapanga karatasi zake mezani. Pasipoti inakuja kwanza. Inafuata picha moja ya sentimita tano kwa tano, kisha ukurasa wa uthibitisho wa fomu ya DS-160 wenye mistari ya msimbo na nambari inayoanza kwa `AA00`, na uthibitisho wa miadi. Analinganisha nambari ya fomu na ile iliyotumika kupanga miadi, kwa sababu aliwahi kuijaza fomu upya baada ya kukosea tarehe ya kuzaliwa, na kila fomu mpya hupata nambari mpya. Anagundua kwamba amechapisha ukurasa wa fomu ya kwanza. Duka la huduma za kompyuta lililo karibu bado liko wazi, na kosa linasahihishwa kwa shilingi chache. Lingegunduliwa langoni, lisingekuwa na tiba ya haraka.

Nyuma ya hati hizo nne anaweka barua ya mwajiri, taarifa ya benki na mwaliko wa chuo, zote zikiwa nje ya bahasha. Anaziweka katika jalada la plastiki lisilo na zipu. Mkoba wake wa begani unabaki kitandani. Noti za nauli anazitia katika mfuko wa koti, pamoja na kipande cha karatasi chenye nambari za mdogo wake na za mumewe. Simu anamwachia mdogo wake.

Jumatano anakunywa chai na kula mkate kabla ya kutoka, akijua kwamba ndani hataruhusiwa kuingia na chakula na kwamba huenda akakaa hadi adhuhuri. Anaondoka Ruaka saa kumi na mbili na nusu. Matatu inajikokota, na saa moja na nusu anashuka karibu na Village Market. Anatembea, na saa mbili kasoro dakika kumi yuko karibu na ubalozi.

Hapa panahitaji uangalifu. Wito wa kawaida ni kufika dakika 15 kabla ya saa ya miadi. Anayefika saa nzima mapema hapati faida, kwani walinzi huita watu kwa saa zao, na kundi la saa mbili kamili ndilo linalopangwa kwanza. Mwalimu huyo anasubiri mbali kidogo na ukuta, kisha saa mbili na robo anajiunga na foleni ya lango la konsula.

Mlinzi wa kwanza anatazama pasipoti na kutafuta jina katika orodha. Jina katika orodha linapaswa kufanana na la pasipoti, na hili ni sababu nyingine ya kujaza fomu kwa uangalifu. Kisha anaingia chumba cha ukaguzi. Jalada, koti na mkanda vinapita kwenye mashine ya eksirei, naye anapita kwenye mlango wa kugundua vyuma. Milango ya chumba hicho ni mizito na huwa haifunguliwi yote kwa pamoja: wa nje hufungwa ndipo wa ndani ufunguke. Anayesukuma mlango kwa nguvu anapoteza muda wake bure.

Mbele yake, kijana mmoja amekutwa na flashi ndogo kwenye pete ya funguo. Hakuificha. Aliisahau tu. Analazimika kutoka nje ya foleni kutafuta pa kuipeleka, na hana mtu aliyemsindikiza. Mwalimu hana cha kuzuiwa. Anavuka ua, ndio zile mita 30, na kuingia ukumbi wa konsula. Hapo hati zake zinapokewa dirishani, alama za vidole vyake vyote kumi zinachukuliwa, na anasubiri kuitwa kwa mahojiano. Kuanzia hapo, jawabu liko mikononi mwa afisa, si mikononi mwa mlinzi.

Mambo yakiharibika

Mwombaji anayerudishwa langoni anapaswa kutambua kwamba kilichokataliwa ni kitu, si yeye. Mlinzi hatoi wala hanyimi viza, na kugombana naye hakubadilishi orodha aliyopewa. La maana ni kumuuliza kwa utulivu ikiwa ataruhusiwa kurejea akishaondoa kitu hicho, na hadi saa ngapi. Mara nyingi kuchelewa kwa dakika chache kunaweza kuvumiliwa pale kundi la saa hiyo likiwa bado linaingia. Hata hivyo hiyo ni hisani, wala si haki.

Saa ikishapita kabisa, kusimama langoni hakusaidii. Miadi mpya hupangwa kupitia akaunti ileile ya mtandaoni iliyotumika mwanzo, na risiti ya ada hubaki na uhai wake hadi mwaka uishe. Idadi ya mara ambazo mtu anaweza kubadilisha miadi ina kikomo, kwa hiyo nafasi isichukuliwe ovyo kisha iachwe. Mwenye dharura ya kweli, kama vile msiba, matibabu au tarehe ya kufungua chuo, anaweza kuomba kuharakishiwa, akiambatanisha ushahidi. Ombi hilo huja baada ya kupanga miadi ya kawaida, si badala yake.

Kanuni zilizoelezwa hapa ni za ubalozi huu. Nchi nyingine kadhaa hupokea waombaji katika vituo vya kampuni za kupokea maombi, na mwombaji wa viza ya Uingereza, kwa mfano, hahojiwi katika Ubalozi wa Uingereza ulioko Upper Hill bali hupeleka alama za vidole na hati zake katika kituo cha kupokea maombi. Anuani iliyo kwenye uthibitisho wa miadi ndiyo ya kufuatwa, hata kama jirani aliyesafiri mwaka juzi anakumbuka mahali pengine.

Saa nne na dakika 20, mwalimu wa Nakuru anatoka kwa mlango alioingilia. Pasipoti yake imebaki ndani, ishara kwamba viza imekubaliwa na itabandikwa. Hana simu ya kumjulisha mumewe. Anarudi kwa miguu hadi Limuru Road, anasimamisha matatu ya Ruaka, na kulipa nauli kwa noti aliyoiweka mfukoni usiku uliopita.